Gunia la maharagwe kutoka Sirari hadi Kebirigo: hesabu ya kufanywa kabla ya safari

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo wa Kaunti ya Nyamira



Kuanzia Keroka hadi Ikonge, Kebirigo hadi Nyansiongo, wako wafanyabiashara ambao kila msimu hupanda gari hadi Kisii, wakapita Rongo na Migori, wakashuka Isebania na kuvuka kwenda Sirari na Tarime nchini Tanzania. Wanafuata maharagwe, karanga, mchele, dagaa na vyombo vya nyumbani. Wengine hurudi na faida. Wengine hurudi na mzigo uleule, wakauuza kwa bei ileile, na mwisho wa mwezi hawaelewi pesa zimeenda wapi.

Mazungumzo ya leo yatamfuata mfanyabiashara mmoja wa mfano. Tuseme ni mama anayeuza nafaka katika soko la Kebirigo. Ana mtaji wa shilingi 180,000 na anataka kuleta magunia 12 ya maharagwe, kila gunia kilo 100. Bei zitakazotajwa ni za mfano wa kufanyia hesabu, kwa sababu bei ya soko hubadilika kila wiki. Lakini hatua zenyewe na kanuni za ushuru ni za kweli.

Kwanza, pesa.

Sheria haimkatazi mtu kuvuka na pesa taslimu. Inachotaka ni kwamba anayebeba dola 10,000 za Marekani au zaidi, au kiasi kama hicho kwa sarafu nyingine, aeleze kwa maafisa wa forodha. Dola moja ikiwa shilingi 129, kiasi hicho ni karibu shilingi milioni 1.29. Mama wa Kebirigo yuko mbali sana na kiwango hicho. Hatari yake iko kwa mwizi, na kwa mtu wa kubadilisha pesa kando ya barabara.

Chukua mfano huu. Shilingi moja ya Kenya inanunua shilingi 19 za Tanzania dukani. Kijana aliyesimama karibu na stendi anampa 18.50. Tofauti hiyo ya nusu shilingi inaonekana ndogo. Akibadilisha shilingi 150,000, amepoteza shilingi 75,000 za Tanzania, yaani karibu shilingi 3,950 za Kenya. Hizo zingelipa nauli ya karibu mzigo wote kutoka mpakani. Na hapo bado hatujataja noti zinazokunjwa katikati ili bunda lionekane nene, wala ile tabia ya kuhesabu mbele yako kisha kulichukua bunda tena kwa kisingizio cha "kuhakikisha". Anayetaka kubadilisha na aende kwenye duka la fedha au benki, ajue kiwango cha siku hiyo kabla hajatoka nyumbani, ahesabu mwenyewe, na akishahesabu bunda lisitoke tena mkononi mwake.

Njia ya pili ni simu. Tangu mwaka 2015 mtu mwenye M-Pesa ya Safaricom anaweza kumtumia pesa mwenye M-Pesa ya Vodacom Tanzania, na anayepokea huzipata kwa shilingi za Tanzania. Hapo mambo mawili yaangaliwe. La kwanza ni kiwango cha kubadilisha kinachoonyeshwa kabla ya kuthibitisha, maana gharama haiko kwenye ada peke yake. La pili ni jina. Mama huyu atume kwanza kiasi kidogo, asubiri muuzaji akiri amepokea, alinganishe jina lililotokea na jina litakaloandikwa kwenye risiti. Na asitume malipo yote kabla hajayaona maharagwe. Pesa ikishavuka mpaka, kuirudisha ni kazi kubwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma ndani ya nchi hiyo kutangazwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo asitegemee kulipa ghalani kwa shilingi za Kenya, hata kama zamani ilikuwa kawaida.

Pili, hati zake mwenyewe.

Kitambulisho cha taifa kinamtosha Mkenya kuingia Uganda au Rwanda. Kwa Tanzania anahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Abebe pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu huulizwa. Anayepita njia ya panya ili kuokoa nusu saa anapoteza zaidi ya hiyo nusu saa: hana muhuri wa kuingia, na siku akidhulumiwa ghalani hawezi kwenda polisi bila kujishtaki mwenyewe.

Tatu, kununua kwa jumla.

Wako waliozoea kuingia vijijini na kununua shambani kwa mkulima moja kwa moja, wakiamini bei huko ni nzuri. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara, na ununuzi wa mazao shambani ni mojawapo. Kwa hiyo mama wa Kebirigo anunue kwa mfanyabiashara Mtanzania mwenye leseni, sokoni au ghalani. Hilo lina faida nyingine: muuzaji huyo ndiye atakayeandika risiti, na ndiye anayejua taratibu za vibali vya kutoa mazao nje ya Tanzania. Kabla ya kulipa, wakubaliane kwa maneno wazi kwamba vibali vya upande wa Tanzania ni kazi ya muuzaji.

Sasa afungue gunia. Maharagwe hununuliwa kwa kilo, juu ya mizani, mbele ya macho ya mnunuzi. Debe halifai kwa mzigo wa kusafirisha, kwa sababu debe la mtu mmoja si debe la mwingine, na maharagwe yenye unyevu hujaza uzito ambao utapotea njiani. Gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu linaonekana zawadi, lakini mizani haijui zawadi, na kanuni za vipimo za nchi zote mbili hazilitaki.

Unyevu unaweza kupimwa bila mashine. Achukue chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, aweke maharagwe hadi theluthi moja ya chupa, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, afunge na kutikisa kwa dakika moja. Kisha aiache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, maharagwe yana unyevu zaidi ya asilimia 15, na yakikaa kwenye magunia yataota ukungu. Chumvi ikidondoka chini safi, yamekauka.

Sampuli isitoke juu ya gunia peke yake. Muuzaji mjanja huweka mazuri juu na ya zamani chini. Atumie bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutobolea gunia, achote katikati na chini, kwenye magunia kadhaa, siyo lile alilooneshwa. Akiona vitundu vidogo vya mviringo kwenye maharagwe, hao ni fukusi. Hata kama ni punje chache, aache. Fukusi walio ndani ya punje leo watakuwa wengi mno baada ya wiki chache dukani Kebirigo.

Kwa nini mfano wa maharagwe na siyo mahindi? Mahindi na karanga yana suala la ziada la sumu ya ukungu, aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kisha baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa anayeanza, maharagwe yana njia fupi zaidi.

Hata hivyo maharagwe nayo ni mmea, na mmea hauvuki bila kukaguliwa. Kabla ya safari, mama huyu aombe KEPHIS kibali cha kuingiza mazao ya mimea. Kule Tanzania mzigo ukaguliwe na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na upewe cheti cha usafi wa mimea. Neno muhimu hapa ni "kabla". Kibali kinachoombwa wakati magunia tayari yako kwenye gari hugeuka kuwa siku mbili za kulala mpakani.

Nne, ushuru wa forodha. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na mara nyingi hupotea kwa kutojua.

Mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayalipi ushuru wa forodha yakivuka kutoka nchi mwanachama hadi nyingine. Lakini afisa hawezi kujua kwa kuyatazama kwamba maharagwe yalilimwa Mara na siyo kwingineko. Ndiyo sababu kuna cheti cha asili ya bidhaa. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu rahisi wa Jumuiya: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili hapohapo mpakani. Cheti hicho hakilipiwi, na hakihitaji wakala wa forodha. Anayemwambia mama huyu kwamba lazima amlipe mtu wa kujaza fomu hiyo anamdanganya.

Thamani ya mzigo wake ni ipi? Tuseme kilo moja ni shilingi 1,900 za Tanzania, yaani shilingi 100 za Kenya. Kilo 1,200 ni shilingi 120,000, karibu dola 930. Yuko ndani ya kiwango. Kwa kuwa maharagwe ni ya Jumuiya, hayalipi ushuru wa forodha, wala ada ya tamko la uagizaji, wala tozo ya reli. Na kwa kuwa ni zao lisilosindikwa, hayatozwi VAT. Anachobaki nacho ni gharama za ukaguzi na vibali. Cheti rahisi hakiondoi masharti ya afya ya mimea; kinaondoa ushuru peke yake.

Sasa lije kosa linaloumiza wengi. Akiwa Sirari, mama huyu anaona thamosi nzuri, shilingi 500 kila moja, na dukani Nyamira zinauzwa 700. Ananunua 120 kwa shilingi 60,000 zilizobaki kwenye mtaji. Anafikiri, "Nimenunua Tanzania, Tanzania iko Afrika Mashariki, hakuna ushuru." Lakini thamosi hizo zimetengenezwa China. Forodha haiulizi bidhaa ilinunuliwa wapi. Inauliza ilitengenezwa wapi. Cheti rahisi hakiwezi kutolewa kwa thamosi ya China hata kama risiti ni ya Sirari.

Basi hesabu yake ni hii. Thamani ya forodha ni shilingi 60,000. Ushuru wa forodha kwa kiwango cha asilimia 25 ni 15,000. Ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 ni 1,500. Tozo ya reli, iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024, ni 1,200. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 75,000, nayo ni 12,000. Jumla ni shilingi 29,700. Kila thamosi sasa imegharimu karibu shilingi 748 kabla ya kupakiwa kwenye gari la Kisii. Akiiuza kwa 700 anampa mnunuzi shilingi 48 za bure. Bidhaa nyingine kama nguo na samani hutozwa asilimia 35, na hapo pengo huwa kubwa zaidi.

Dalili ya kujua mapema ni rahisi. Geuza chombo, tazama chini yake au kwenye katoni. Kama kimeandikwa kimetengenezwa nje ya Jumuiya, kipigie hesabu ya ushuru wote kabla ya kutoa pesa. Na mtu asidanganyike kwamba ataficha katoni katikati ya magunia. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa zilizofichwa zinaweza kutaifishwa, na hata gari lililozibeba.

Tano, usafiri wa mzigo.

Magunia 12 hayajazi kanta. Kwa hiyo akina mama huungana, watatu au wanne, wakakodi gari moja. Ni wazo zuri, lakini lina mtego. Tuseme wako watatu, kila mmoja na mzigo wa shilingi 120,000, na wameandika risiti moja kwa jina la mmoja wao "ili kurahisisha". Mzigo huo sasa ni shilingi 360,000, karibu dola 2,790. Umevuka dola 2,000, na utaratibu rahisi haufai tena. Watahitaji cheti cha kawaida cha asili na wakala wa forodha, na gari litasimama likisubiri.

Dawa yake ni kila mmoja kuwa na risiti yake, cheti chake, vibali vyake, na magunia yake yaliyowekewa alama kwa rangi. Kila mwenye mzigo awepo mwenyewe mpakani. Lakini kinyume chake ni kosa: mtu mmoja mwenye mzigo mkubwa asiugawe kwa majina ya jirani na shemeji ili aonekane mdogo. Hilo ni tamko la uongo.

Mpaka wa Isebania na Sirari una kituo cha pamoja. Gari linaloingia Kenya husimamia upande wa Kenya, ambapo maafisa wa Tanzania na wa Kenya wanafanya kazi mahali pamoja. Kwa hiyo dereva akimwambia mama huyu ashukie Sirari ampe pesa "za forodha ya Tanzania" ili asisumbuke, ajue kuna walakini. Pesa ya serikali hulipwa kwa risiti ya serikali.

Kabla gari halijaondoka ghalani, wakubaliane na dereva kwa gunia, siyo kwa safari. Wakubaliane ni nani anayelipa wapakiaji, na nani anayelipa gari likilala mpakani. Baada ya mpaka, mzigo unapita kaunti zaidi ya moja. Mahali anapotakiwa kulipa sesi ya mazao, alipe na aweke risiti, aioneshe akiulizwa tena.

Mwisho, hesabu ya jumla.

Mama wa Kebirigo amenunua maharagwe kwa shilingi 120,000. Tuseme wapakiaji na magunia vimechukua 3,600. Sehemu yake ya kanta, shilingi 350 kwa gunia, ni 4,200. Vibali na ukaguzi 3,000. Nauli yake, chakula na malazi 3,500. Gharama ya kubadilisha na kutuma pesa 1,500. Sesi na ada ya soko 1,200. Hizo ni shilingi 17,000. Mzigo umefika kwa 137,000.

Gawanya kwa kilo 1,200, unapata karibu shilingi 114 kwa kilo. Lakini hatauza kilo 1,200. Baada ya kupepeta, kumwagika na kukauka, tuseme asilimia 2 imepotea. Zimebaki kilo 1,176, na kila kilo imemgharimu shilingi 116.50. Kwa hiyo yule jirani yake aliyenunua kwa 100 na kuuza kwa 115, akijisifu kwamba anapata 15 kila kilo, kwa kweli anapoteza shilingi moja na nusu kwa kila kilo anayouza.

Hesabu hii ifanywe nyumbani, kwenye daftari, kabla ya safari. Apige simu Sirari aulize bei, apige simu kwa mwenye kanta aulize nauli, aandike kila kitu, agawe. Kama bei ya maharagwe Kebirigo wiki hiyo ni 120, faida yake ni shilingi tatu na nusu kwa kilo, yaani karibu 4,100 kwa safari nzima ya siku mbili au tatu. Anaweza kuamua kwamba inatosha. Anaweza pia kuamua kununua kwa jumla Kisii msimu huo, na kungoja hadi tofauti ya bei ipanuke. Kukaa nyumbani baada ya kupiga hesabu nako ni biashara.

Wenye maswali kuhusu vibali vya mimea waulize ofisi za KEPHIS, na kuhusu ushuru waulize ofisi za KRA, kabla ya kufunga safari. Wafike wakiwa na jina la bidhaa, mahali ilikolimwa au kutengenezwa, kiasi na bei. Ukiwa na mambo hayo manne, jibu hupatikana kwa urahisi zaidi.